Chambavu: ndama aliyenona ndiye anayekufa

Magonjwa mengi ya mifugo huanza na wanyonge. Ndama aliyedumaa, mwenye minyoo, aliyekosa maziwa, ndiye hutangulia kuondoka. Chambavu hufanya kinyume. Humchagua njeku aliyejaa nyama za mapaja au mtamba ambaye mwenyewe amekwisha kumpigia hesabu ya mahari, mwenye umri wa kati ya miezi sita na miaka miwili. Jioni aliingia zizini akiruka, asubuhi amelala ubavu, tumbo limefura na mguu mmoja umesimama kama gogo. Si ajabu basi kwamba katika maboma mengi neno la kwanza kutamkwa ni "sumu", la pili ni "nyoka", na la tatu ni jina la jirani.

Mwuaji ni bakteria aitwaye Clostridium chauvoei, jina alilopewa kwa heshima ya Auguste Chauveau, mtaalamu wa mifugo wa Kifaransa wa karne ya 19. Hawezi kustawi penye hewa ya oksijeni. Akiwa nje ya mwili hujifunika kwa ganda gumu na kugeuka kile ambacho wataalamu hukiita spora, na katika hali hiyo hukaa udongoni miaka na miaka bila kudhurika na jua wala ukame. Ndiyo maana kuna mbuga na mabonde ambayo wazee wanayajua kwa sifa mbaya: kila mvua za kwanza zikinyesha, au mafuriko yakipita na kufukua udongo, lazima ndama wawili watatu waanguke. Ugonjwa hautoki kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine. Wote wameula kutoka ardhi ileile.

Ndama humeza spora pamoja na majani mafupi yaliyoshika tope. Zinapenya utumbo, zinasafiri kwa damu, na kutulia ndani ya misuli bila kufanya lolote, pengine kwa miezi. Kinachoziamsha, kwa kadiri inavyofahamika, ni msuli kuumia: ndama kapigwa pembe, kabanwa mlangoni mwa zizi, kapandwa na mwenzake, au kachapwa fimbo akivushwa mto. Pale palipovilia damu hewa hupungua, na bakteria hupata makao aliyokuwa akiyasubiri. Huzaana, hutoa sumu inayoua nyama iliyo jirani, na kadiri nyama inavyokufa ndivyo hewa inavyozidi kupungua na nafasi yake inavyozidi kupanuka. Ndama mnene ana misuli mingi yenye sukari ya akiba, chakula kizuri kwa bakteria huyu, na hiyo huenda ndiyo sababu wanono hutangulia.

Katika kuzaana huko hutoka gesi, nayo ndiyo inayoutambulisha ugonjwa. Mwanzoni ndama huchechemea na kukataa kula, joto la mwili linaweza kufika nyuzi 41 au zaidi, na uvimbe wa paja, bega, kiuno au shingo huwa wa moto na wenye maumivu. Saa chache baadaye uvimbe hupoa. Ukiubonyeza hashtuki tena, kwa sababu nyama ya pale imekwisha kufa. Ngozi imekauka, na chini ya vidole unasikia mchakacho kama wa karatasi kavu. Ni mapovu ya gesi yanayohama ndani ya nyama. Kutoka kuchechemea hadi kufa mara nyingi ni kati ya saa 12 na 48, hivyo wafugaji wengi hawaoni hatua hizi. Wanachokuta ni mzoga. Tena uvimbe ukiwa kwenye ulimi, moyo au misuli ya ndani, hakuna cha kupapasa kabisa.

Hapo ndipo kisu kinapotolewa, na hapo ndipo pa kusita. Mzoga uliofura haraka na wenye povu la damu puani unaweza kuwa wa chambavu, lakini unaweza pia kuwa wa kimeta. Katika kimeta damu nyeusi isiyoganda mara nyingi hutoka puani, mdomoni na njia ya haja kubwa, na mzoga haukakamai ipasavyo. Dalili hizo hazijitokezi zote kila mara. Anayepasua mzoga wa kimeta huyamwagia malisho spora nyingine na kuiweka familia yake hatarini, kwa maana kimeta humwua binadamu. Mtaalamu wa mifugo huanza na tone la damu kutoka mshipa wa sikio, akalipaka kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Kimeta kikishaondolewa kwenye hesabu ndipo msuli hukatwa, na ukiwa wa chambavu utakuta nyama nyeusi, kavu, yenye matundu ya gesi, ikinuka kama siagi iliyochacha. Si nyama ya kuliwa wala ya kutupiwa mbwa. Mzoga huchomwa au huzikwa palepale ulipo, shimo la mita mbili, chokaa juu yake.

Tuseme boma moja lina ndama 18. Jumatatu mmoja amekutwa amekufa, Jumanne wa pili anachechemea na paja linatoa mchakacho. Penisilini kwa dozi kubwa inaweza kumwokoa huyo wa pili ikiwa amewahiwa mapema sana, lakini wengi hufa hata wakidungwa, na anayepona aghalabu hubaki kilema. Fedha ya dawa ina kazi kubwa zaidi kwa wale 16 waliobaki. Kwanza wanahamishwa kutoka kwenye malisho yale, kisha wanachanjwa.

Sasa soma chupa. Chanjo ya chambavu peke yake ina bakteria waliokwisha kuuawa, kwa hiyo penisilini ya kuwakinga ndama katika siku za mwanzo inaweza kutolewa sambamba nayo. Lakini hapa Afrika Mashariki hutumika sana chanjo ya mchanganyiko wa chambavu na kimeta, na ile sehemu ya kimeta ni spora hai zilizodhoofishwa. Ukimdunga ndama huyohuyo penisilini unaiua chanjo ya kimeta uliyoilipia. Mtaalamu atakuambia uchague kipi kitangulie na usubiri siku ngapi.

Kinga haiji siku ileile pia. Inahitaji kama majuma mawili, na ndama aliyekuwa tayari na maambukizi mwilini anaweza kufa siku ya nne baada ya sindano. Ndipo hutoka ule uvumi kwamba chanjo ndiyo iliyoua.

Mahali ugonjwa ulikozoeleka, sindano hutolewa kabla ya mvua, si baada ya mzoga wa kwanza. Ndama huanza akiwa na miezi mitatu hadi sita. Mapema zaidi ya hapo kinga aliyoinyonya kwa mama huizuia chanjo isimjenge. Hurudiwa baada ya majuma manne hadi sita kwa kufuata maelezo ya chupa, kisha kila mwaka hadi avuke umri wa hatari. Dozi ya marudio ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoifanya kinga idumu.

Kosa jingine ninalolilaumu zaidi hufanywa siku ya kampeni yenyewe. Ng'ombe wakubwa hupelekwa kwenye kibanio cha kijiji, ndama hubaki bomani kwa kuwa hawawezi mwendo, na chanjo yote inawaendea wale wasioihitaji sana. Chupa nazo zina dozi nyingi, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa kesho. Mwenye ndama watano hununua pamoja na majirani, au anatupa zaidi ya anachotumia. Ikae kwenye boksi lenye barafu, kati ya nyuzi 2 na 8, bila kuganda, itikiswe kabla ya kuvutwa, na sindano iingie chini ya ngozi ya shingo. Ndama wanaokuja kuzaliwa baada ya kampeni hawamo katika hesabu ya mwaka huo, na wao ndio watakaokuwa na miezi minane mvua zijazo zikianza.