Kutoka Picha ya Ukurasa hadi Maswali ya Jumuiya

Tangu maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji Afrika Mashariki, Wakatoliki wa mitaa mingi wamezoea kukutana nyumbani kwa jirani kusoma Neno na kulizungumza. Vijitabu vya tafakari huwa vichache kuliko nyumba. Mwenye nakala, mara nyingi katekista au mwenyekiti, hupiga picha ukurasa wa juma na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp, kisha anayeongoza hubaki na kazi ya kuugeuza kuwa kitu kinachoweza kusemwa kwa sauti mbele ya watu kumi na tano, bibi asiyeona vizuri na kijana aliyetoka zamu ya usiku wakiwamo.

Kazi hiyo ina sehemu tatu: kifungu kitakachosomwa, wazo kuu la kifungu hicho, na maswali ya kuzungumzia. Nitaionyesha kwa ukurasa mmoja wa mfano. Kichwa chake kinasema "Huduma katika Kanisa la Kwanza". Chini ya kichwa kuna mstari wa marejeo: Mdo 6:1-7, taz. Kut 18:13-26, 1 Tim 3:8-13. Zinafuata aya mbili za maelezo, kisanduku chenye sala, na maswali matatu. Picha imepigwa kijitabu kikiwa kimefunguka nusu, kwa hiyo maneno ya karibu na mshono yamepinda, na swali la tatu limekatwa katikati.

Anza na marejeo, kwa sababu hapo ndipo picha hudanganya kuliko mahali pengine popote. Neno likifutika herufi mbili, sentensi iliyobaki inakusaidia kulijaza. Tarakimu ikifutika, hakuna cha kukusaidia. Kistari cha 6:1-7 kikififia, utasoma 6:17. Bahati nzuri Biblia yenyewe inakukosoa: sura ya sita ya Matendo ina mistari 15 tu, kwa hiyo mstari wa 17 haupo. Vivyo hivyo kwa vifupisho. Flp na Flm hufanana sana kwenye picha yenye ukungu, lakini Barua kwa Filemoni ina sura moja tu yenye mistari 25. Ukiona kama imeandikwa Flm 2:5, ujue mwandishi alikusudia Wafilipi.

Kosa baya zaidi ni lile ambalo halikupi dalili. Namba ya mbele ya kitabu husimama mwanzoni mwa mstari, na ukingo wa kushoto wa picha ndio hukatwa kwanza. "1 Yoh 4:7" inakuwa "Yoh 4:7", na sura hiyo ipo, na mstari huo upo. Tofauti ni kwamba wa kwanza unahimiza tupendane kwa kuwa upendo watoka kwa Mungu, na wa pili unamleta mwanamke Msamaria kisimani kuteka maji. Mtu anaweza kuandaa mkutano mzima juu ya kisima huku ukurasa ukizungumzia upendo wa kindugu. Kinga ni moja: fungua Biblia, soma kifungu chote, kisha rudi kwenye maelezo ya ukurasa uone kama yanawataja watu walewale na mambo yaleyale. Kwenye ukurasa wetu maelezo yanataja wajane, watu saba na kuwekewa mikono. Matendo 6:1-7 ina vyote vitatu. Kifungu ni hicho.

Sasa kuna marejeo matatu na mkutano mmoja. Lipi lisomwe? Alama ya "taz." inajibu: Kutoka 18, ambapo Yethro anamshauri Musa asiamue kesi zote peke yake, na 1 Timotheo 3, kuhusu sifa za mashemasi, yamewekwa kama nyongeza. Ningeyaacha yote mawili. Anayeongoza ayasome nyumbani, yatamsaidia, lakini watu wakisikia vifungu vitatu mfululizo huwa hawakumbuki hata kimoja. Kifungu kimoja kisomwe mara mbili, na watu wawili tofauti.

Kabla ya kwenda kwenye wazo kuu, chukua kalamu mbili za rangi au, kama unatumia simu, nakili maneno ya ukurasa kwenye karatasi kwa mkono. Weka alama moja kwa yale yanayosemwa na kifungu na nyingine kwa yale anayoyasema mwandishi wa kijitabu. Katika mfano wetu mwandishi anaeleza kuwa wale saba walikuwa mashemasi wa kwanza. Ndivyo mapokeo ya kale ya Kanisa yanavyowaona, na ni jambo la kuheshimiwa. Ila Luka katika kifungu hiki hawapi cheo hicho, na anapomtaja tena Filipo katika Mdo 21:8 anamwita mmoja wa wale saba. Pasipo alama zako mbili, mtu atauliza jumuiya, "Mashemasi wanaonekanaje katika somo?" na watu watatafuta neno ambalo halimo, wakidhani wao ndio hawajui kusoma.

Wazo kuu si kichwa cha ukurasa. "Huduma" inafaa Matendo 6, inafaa kuoshwa miguu katika Yohana 13, inafaa nusu ya Injili. Wazo kuu la kifungu ni sentensi nzima yenye mtenda na tendo, na kipimo chake ni kwamba haiwezi kubandikwa kwenye kifungu kingine bila kuonekana ngeni. Ili kuipata, fuata kinachotokea. Wanafunzi wanaongezeka. Wale wanaosema Kiyunani wananung'unikia Waebrania kwa kuwa wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wale Kumi na Wawili wanaita kusanyiko lote, wanasema haifai wao waache Neno la Mungu wakahudumie mezani, na wanaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Kusanyiko linakubali, linachagua, mitume wanaomba na kuwawekea mikono. Neno la Mungu linaenea, wanafunzi wanaongezeka tena.

Ona jinsi ongezeko limekaa pande zote mbili. Kukua kwa jumuiya kunatangulia manung'uniko, na baada ya manung'uniko kushughulikiwa kukua kunaendelea. Hili halikuwamo katika aya mbili za kijitabu, na mimi naona ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika mistari hii saba. Jambo la pili la kuangalia ni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Yote ni ya Kiyunani. Hatuwezi kuapa kwamba wote walitoka upande uliosahauliwa, kwa maana Wayahudi wengi wa wakati ule walikuwa na majina ya namna hiyo, lakini inaelekea kwamba kazi ya mgawo ilikabidhiwa kwa watu walio karibu na wajane wenyewe. Hapo sentensi inajiandika: jumuiya iliyokua ilisahau wajane, ikasikiliza malalamiko yao, ikachagua pamoja watu wa kuwahudumia, na Neno likazidi kuenea.

Andika sentensi hiyo kwanza, kisha ndipo usome maswali ya ukurasa, ukiyapima kwayo. Swali la kwanza la mfano wetu linasema, "Je, ni muhimu kuwahudumia maskini?" Jibu ni ndiyo, na baada ya ndiyo ni kimya. Swali la pili linataka sifa za shemasi kutoka 1 Timotheo, kifungu ambacho hatutakisoma, liondoke. La tatu linaanza "Je, katika jumuiya yenu kuna..." na hapo karatasi inaisha. Usilimalizie kwa kukisia kisha ukasema ndivyo kijitabu kinavyouliza. Mwombe aliyetuma apige tena, akikilaza kijitabu juu ya meza karibu na dirisha, akikandamiza mshono kwa kidole, na aitume kama hati badala ya picha ya kawaida ili isipungue ubora. Apige na jalada pia. Picha zisizo na mwaka huzunguka kutoka simu hadi simu, na masomo ya Jumapili yana mzunguko wa miaka mitatu: Mdo 6:1-7 husomwa Jumapili ya 5 ya Pasaka, Mwaka A, kama ilivyokuwa 2023. Ukurasa huohuo ukirushwa katika Mwaka B au C hautalingana na misa ya Jumapili hiyo.

Ikiwa picha mpya haikupatikana, tunga swali lako na ulitaje kuwa lako. Maswali manne yanatosha kwa saa moja yenye nyimbo, sala na matangazo. Mawili ya kwanza yawe na majibu ndani ya kifungu, yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole kwenye mstari, kwa sababu hayo humfungua mdomo hata mtu mwenye haya. La tatu livuke kuja kwetu. La nne liulize tutafanya nini. Kila moja liwe fupi kiasi kwamba asiye na karatasi alishike kwa kulisikia mara moja. Hivi ndivyo mfano wetu unavyokuwa ukikamilika:

Kifungu: Matendo 6:1-7.

Wazo kuu: Jumuiya iliyokua ilisahau wajane, ikasikiliza malalamiko yao, ikachagua pamoja watu wa kuwahudumia, na Neno likazidi kuenea.

Maswali:
1. Nani wanalalamika, na wanalalamikia nini?
2. Mitume wanafanya nini, na wanaiachia jumuiya ifanye nini?
3. Jumuiya yetu inapokua, ni watu wa namna gani ni rahisi kusahaulika?
4. Juma hili tumtume nani akawatembelee, na aende na nini?

Swali la tatu ndilo la kulinda. Nimeandika "watu wa namna gani" kwa makusudi. Ukiuliza "nani amesahaulika?" mkutano utageuka kuwa hesabu ya michango ya msiba wa mwezi uliopita, na mweka hazina atajitetea mpaka sala ya kufunga. Lakini pia usililainishe hadi liwe "watu wengine huko duniani". Wajane wa Yerusalemu walikuwa na upande wao unaojulikana, na malalamiko yao yalikuwa ya chakula cha kila siku. Kama katika chumba hicho yupo mwenye neno la namna hiyo, anayeongoza ampe nafasi amalize, kisha aende moja kwa moja kwenye swali la nne.