Nafasi Saba za Usiku

Katika wodi ndogo ya wauguzi wanane, mkuu wa wodi huingia asubuhi tu, kwa hiyo usiku hubaki kwa wauguzi saba, mmoja kila usiku. Akipanga rosta ya wiki nne, ana siku 28 za kugawa kwa saba. Kila mmoja anapata usiku mara nne, hesabu imefunga, karatasi inabandikwa ukutani. Miezi miwili baadaye mmoja wao anauliza: mbona mimi ndiye wa kila Jumamosi?

Ana haki ya kuuliza. Wodi nyingi hupanga usiku wa mfululizo miwili miwili, na wauguzi saba wakipeana usiku miwili miwili, mzunguko unakamilika kwa siku 14, yaani wiki mbili kamili. Aliyeanza Jumatatu atarudi Jumatatu. Tukianza Jumatatu, nafasi ya kwanza hupata Jumatatu na Jumanne, ya pili Jumatano na Alhamisi, ya tatu Ijumaa na Jumamosi, ya nne Jumapili na Jumatatu, ya tano Jumanne na Jumatano, ya sita Alhamisi na Ijumaa, na ya saba Jumamosi na Jumapili. Kwa siku 28, wa nafasi ya saba amefanya usiku wa Jumamosi na Jumapili mara nne. Wa tatu na wa nne wamefanya mara mbili kila mmoja, na wanne waliobaki hawakugusa hata mmoja. Wote wana usiku minne, lakini ni mmoja tu anayekosa harusi zote za ukoo.

Dawa yake ni kugawa nafasi badala ya majina. Nafasi saba zinabaki palepale kwenye karatasi. Watu ndio wanaohama. Kila siku 28 zikiisha, kila muuguzi anarudi nafasi moja nyuma: wa saba anakwenda ya sita, wa sita ya tano, na wa kwanza anahamia ya saba. Baada ya mizunguko saba, ambayo ni wiki 28, kila mmoja amepita nafasi zote na kufanya usiku minane ya Jumamosi na Jumapili.

Kwa nini nyuma na si mbele? Wa nafasi ya saba hufunga mzunguko kwa usiku wa siku ya 27 na ya 28. Akisogezwa mbele kwenda ya kwanza, ataanza tena usiku unaofuata, na hapo atakuwa amekesha usiku minne mfululizo. Akirudi ya sita, anapata zaidi ya wiki moja kabla ya zamu yake nyingine.

Kosa lingine limejificha katika kisanduku kimoja. Muuguzi aliyeingia Jumanne jioni hutoka Jumatano asubuhi, na rosta nyingi huiandika Jumatano hiyo kuwa mapumziko yake. Si mapumziko: amefika nyumbani saa tatu asubuhi na kulala mpaka alasiri. Rosta nzuri huandika U, U, kisha L ya kulala, kisha P ya pumziko, na L haihesabiwi kamwe kama siku ya mapumziko.

Mzunguko uendelee bila kujali tarehe. Anayeanza upya kila tarehe mosi anavunja mpangilio, maana mwezi wa siku 30 au 31 huacha usiku wa ziada, na usiku huo humwangukia yuleyule. Kwenye kompyuta, safu mbili mwishoni mwa jedwali zinatosha: jumla ya usiku, na jumla ya Jumamosi na Jumapili. Ya kwanza, kwa muuguzi wa mstari wa nne, ni:

```
=COUNTIF(B4:AF4,"U")
```

Waliobadilishana zamu wahesabiwe kwa usiku waliofanya, si waliopangiwa.

Likizo na ujauzito vitatokea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza kumpangia mjamzito kazi za usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Hapo wanabaki sita, na kwa bahati nzuri hesabu yao ni nyepesi. Mzunguko wa siku 12 hauangukii wiki kamili, hivyo siku za wiki zinajizungusha zenyewe. Wapokezane tu kwa mpangilio, bila kuhamishana nafasi.

Wakibaki watatu, mzunguko ni wa siku sita, na U, U, L na P zinakula nne. Kila mmoja anabaki na siku mbili tu za mchana katika kila sita, na asubuhi na jioni zinaanza kukosa watu. Katika hali hiyo mkuu wa wodi aache visanduku hivyo vitupu, avizungushie wino mwekundu, na ampelekee matroni rosta ilivyo kabla mwezi haujaanza, ili aombe mtu kutoka wodi nyingine.