Statini na Sukari Inayopanda Kidogo

Mwaka 2008 utafiti mmoja mkubwa wa dawa za moyo ulisimamishwa kabla ya muda wake. Uliitwa JUPITER, na ulikuwa umewaandikisha watu 17,802 katika nchi 26. Nusu yao walimeza rosuvastatini ya miligramu 20 kila siku, na nusu walimeza kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa. Wakaguzi walipofungua hesabu walikuta tofauti iliyowafanya waone si haki kuendelea kuwanyima dawa wale wa kundi la pili. Katika kundi lisilo na dawa, watu 251 walikuwa wamepata shambulio la moyo, kiharusi au madhara mengine makubwa ya moyo na mishipa. Katika kundi lenye dawa walikuwa 142.

Lakini daftari hilohilo lilikuwa na mstari mwingine uliowashtua madaktari. Waliogunduliwa kuwa na kisukari katika kundi la dawa walikuwa 270, na katika kundi lingine 216. Dawa iliyowakinga watu na maradhi ya moyo ilionekana kuwaongezea kisukari.

Tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba haikuwa bahati mbaya ya hesabu. Mwaka 2010 takwimu za tafiti 13 zenye watu zaidi ya 91,000 ziliunganishwa, ikaonekana kwamba statini huongeza uwezekano wa kisukari kwa takriban asilimia 9. Kwa lugha ya watu badala ya asilimia: wakitibiwa watu 255 kwa miaka minne, mmoja zaidi atapata kisukari ambacho huenda asingekipata katika kipindi hicho. Februari 2012, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza maelezo ya dawa hizi yaongezwe tahadhari kuhusu sukari. Tangu hapo habari hiyo imesafiri bila hesabu yake, na wapo wagonjwa walioacha vidonge kwa sababu ya nusu ya habari.

Statini hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Ini likipungukiwa, huvuta lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, kutoka kwenye damu. Mwaka 2015 watafiti waliwaangalia watu waliozaliwa na jeni inayokifanya kimeng'enya hicho kiwe dhaifu kidogo. Watu hao, bila kumeza kidonge chochote, walikuwa na lehemu pungufu, uzito uliozidi kidogo, na uwezekano mkubwa kidogo wa kupata kisukari. Kwa hiyo sehemu ya athari ya sukari hutokana na njia ileile inayoshusha lehemu. Kuacha kampuni moja na kuhamia nyingine kwa kudhani kwamba kidonge cha kwanza kilikuwa kibovu hakusaidii.

Sukari hupanda kwa kiasi gani? Uchambuzi mpana uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa wastani wa ongezeko ni takriban milimoli 0.04 kwa lita. Mtu anayejipima kwa glukomita nyumbani hawezi kuliona badiliko hilo, kwa sababu kifaa chenyewe hutofautiana kwa zaidi ya hapo kati ya tone moja la damu na jingine. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu, kilipanda kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia.

Badiliko dogo hivi linawezaje kuzaa wagonjwa wapya? Jibu limo katika namna kisukari kinavyotambuliwa. HbA1c ya asilimia 6.5 ni kisukari, na 6.4 bado haijafika. Mto uliojaa hadi ukingoni humwaga maji kwa mvua ya rasharasha, ambayo mto wenye kina haungeihisi. Uchambuzi wa 2024 ulikuta kwamba karibu wagonjwa wapya 6 kati ya kila 10 wa ziada walitoka katika robo ya watu ambao sukari yao ilikuwa juu zaidi kabla hawajaanza dawa. Katika JUPITER, wasio na dalili zozote za kuelekea kisukari hawakuongezewa hata mgonjwa mmoja. Wale wenye dalili hizo waliongezewa wagonjwa 54, lakini wakaepushwa matukio 134 ya moyo, mishipa au vifo. Hata hao waliopata kisukari walitambuliwa mapema kwa wastani wa wiki tano au sita tu.

Tuchukue mfano. Mwanamke wa miaka 58 ana presha, kiuno kipana na mama mwenye kisukari. HbA1c yake ni 6.4, na lehemu mbaya ni milimoli 4.2 kwa lita. Anaandikiwa atorvastatini ya miligramu 20. Baada ya miezi mitatu lehemu imeshuka hadi karibu 2.5, na HbA1c imesomeka 6.5. Tayari jalada lake linaweza kuandikwa kisukari, ingawa mwili wake hauna tofauti ya maana na ulivyokuwa.

Sasa tuwaweke pamoja wanawake 100 wa aina yake, na tukadirie kwamba 20 kati yao wangepata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka kumi. Kila milimoli moja ya lehemu mbaya inayoshuka hupunguza hatari hiyo kwa takriban moja ya tano, hivyo kwa kushuka kwa kiasi hiki wataokolewa kama sita. Tukadirie pia kwamba 40 wangepata kisukari hata bila dawa. Kwa dozi hii ya kati watakuwa kama 43. Sita dhidi ya watatu, na vitu vyenyewe havilingani uzito: kiharusi humpooza mtu kwa asubuhi moja, ilhali kisukari kilichogunduliwa mapema huweza kudhibitiwa kwa chakula, mazoezi na metformini.

Tena wenye kisukari wengi huuawa na moyo na mishipa, mahali palepale ambapo statini inakinga. Utafiti wa CARDS wa Uingereza na Ayalandi, uliochapishwa mwaka 2004, uliwapa watu 2,838 wenye kisukari atorvastatini ya miligramu 10 au kidonge kisicho na dawa. Viharusi vilipungua karibu nusu, na utafiti ukasimamishwa miaka miwili kabla ya wakati. Aliyepata kisukari akiwa anatumia statini ana sababu zaidi ya kuendelea nayo.

Hesabu hii ina mipaka. Kijana mwenye lehemu iliyopanda kidogo, asiye na presha wala sigara, ana faida ndogo ya kuvuna, na hapo mazungumzo na daktari yanastahili muda. Dozi nayo ina uzito wake: dozi kubwa huongeza kisukari zaidi kuliko ya kati, ingawa hukinga moyo zaidi pia. Kwa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo, dozi kubwa kwa kawaida bado inashinda.

Na si kila sukari inayopanda ni ya statini. Mtu aliyekuwa na sukari ya 6 akakutwa na 12, ana kiu isiyoisha na anaamka usiku kukojoa, asikilaumu kidonge cha lehemu. Achunguzwe maambukizi, na aulizwe kama amepewa prednisoloni au deksamethasoni, dawa zinazoweza kuirusha sukari ndani ya siku chache.

Anayeanza statini aombe HbA1c kabla ya kidonge cha kwanza, kisha arudie kipimo miezi mitatu baadaye pamoja na lehemu. Aliye karibu na mpaka apunguze uzito na atembee kila siku, kwani mambo hayo hushusha sukari kuliko statini inavyoipandisha. Na asiache dawa kabla hajazungumza na daktari aliyemwandikia.