Kuhesabu Mikondo ya Maji Katika Bonde Lenu

Siku hizi ni kawaida kikundi kinachotaka kujenga vizuizi vya mchanga au kuziba makorongo kupewa ramani ya bonde lao, yenye laini nyingi za buluu. Chini ya ramani kunaandikwa mambo matatu: urefu wa mikondo, ngazi ya mikondo, na msongamano wa mikondo. Watu huitikia kwa kichwa, ramani inabandikwa ukutani, basi. Lakini hesabu hizo ni rahisi, nanyi mnaweza kuzifanya wenyewe kwa uzi na rula. Yafaa mzijue, kwa sababu zinaweza kuamua bonde lipi litapewa saruji na mawe kwanza.

Kwanza mjue zile laini zimetoka wapi. Hakuna mtu aliyetembea akizichora. Kompyuta ilipewa vipimo vya urefu wa ardhi, mara nyingi vile vilivyochukuliwa na chombo cha anga za juu cha Marekani mnamo Februari 2000. Vipimo hivyo vimeigawa nchi yote katika miraba ya karibu mita 30 kwa mita 30. Kompyuta huuliza kila mraba: kati ya jirani zako wanane, ni kwa yupi maji yako yatateremka kwa kasi zaidi? Halafu huhesabu ni miraba mingapi ya juu inayomwaga maji yake mahali hapo. Hesabu ikifikia kiasi fulani, kompyuta huanza kuchora laini ya buluu. Kiasi hicho tukiite kizingiti (kwenye skrini huandikwa `threshold`). Anayekichagua ni yule aliyeketi mbele ya kompyuta. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue bonde dogo la mfano, la aina inayopatikana kwenye vilima vya Machakos na Makueni, lenye eneo la kilomita za mraba 12. Kizingiti kilikuwa miraba 500, yaani hekta 45 au eka 110 hivi. Ramani imechapishwa kwa kipimo ambacho sentimita 4 ni kilomita 1. Kabla ya kuanza, pimeni ule mstari wa kilomita uliochorwa pembeni, maana ramani ikikuzwa au kupunguzwa kwa mashine ya fotokopi, kipimo kilichoandikwa kinakuwa uongo.

Anzeni na ngazi. Utaratibu huu ulianzishwa na Mmarekani Robert Horton mwaka wa 1945, akaurekebisha mwenzake Arthur Strahler mwaka wa 1952. Kila kijito cha mwanzo kabisa, kisichopokea kingine, ni ngazi ya 1. Vijito viwili vya ngazi ya 1 vikikutana, kuanzia hapo kwenda chini ni ngazi ya 2. Viwili vya ngazi ya 2 vikikutana, inakuwa 3. Penye kosa la wengi ni hapa: mdogo akiingia kwa mkubwa, ngazi haipandi. Kijito cha ngazi ya 1 kikiingia katika mkondo wa ngazi ya 3, mkondo unabaki 3, hata vikiingia kumi. Katika bonde letu tunapata vijito 7 vya ngazi ya 1, mikondo 3 ya ngazi ya 2, na mmoja wa ngazi ya 3.

Kisha urefu. Fuatisheni kila laini kwa uzi, halafu nyosheni uzi kwenye rula. Tuseme ngazi ya 1 yote ni sentimita 33.6, ngazi ya 2 ni 16.8, na ya 3 ni 12. Mkigawanya kwa 4 mtapata kilomita 8.4, 4.2 na 3.0. Jumla ni kilomita 15.6.

Msongamano ni kugawanya tu urefu wote kwa eneo: 15.6 kwa 12 ni 1.3. Maana yake, katika kila kilomita moja ya mraba mna kilomita 1.3 za mkondo. Namba hii ina faida kwa mkulima. Chukua 1, igawanye kwa mara mbili ya msongamano: 1 kwa 2.6 ni karibu kilomita 0.385. Basi kwa wastani maji ya mvua husafiri mita 385 juu ya mashamba kabla ya kuingia kwenye mkondo. Huo ndio urefu wa mteremko ambao matuta ya fanya juu yanatakiwa kuukatakata.

Sasa turudi kwenye kizingiti. Tuseme fundi mwingine anachukua bonde lile lile na kuweka miraba 100 badala ya 500, yaani hekta 9. Laini zinaanza juu zaidi, na vijito vingi vipya vinatokea. Urefu wote unaweza kufika kilomita 34.8, msongamano unakuwa 2.9, na mkondo mkuu unapanda kuwa ngazi ya 4. Safari ya maji mashambani inashuka hadi mita 172. Hakuna tone la mvua lililoongezeka wala korongo jipya lililochimbika! Kwa hiyo mkiambiwa bonde la jirani lina msongamano mkubwa kuliko lenu, na kwa hiyo lina haja zaidi, ulizeni kwanza kama mabonde yote mawili yalichorwa kwa kizingiti kimoja na kwa vipimo vya aina moja. Kama sivyo, hakuna ulinganisho hapo.

Kizingiti kinachofaa kinatafutwa kwa miguu. Baada ya mvua, pandeni vijito vitano au sita hadi pale mkondo unapoanza kweli: penye kingo zilizokatika na mchanga uliochujwa na maji. Mahali ambapo nyasi zimelala tu bado si mkondo. Wekeni alama kwa simu yenye GPS, halafu fundi asome hesabu ya miraba katika kila alama. Akisoma 4 au 7, alama imeangukia kando ya mkondo. Achukue hesabu kubwa iliyo jirani kabisa. Mkipata 180, 210, 230, 260 na 900, chukueni ya katikati, 230, ambayo ni karibu hekta 21. Ile 900 iendeeni tena. Pengine ni mahali penye matuta mazuri au mchanga mzito unaomeza maji, na hilo nalo ni habari njema kuijua.

Mambo mawili zaidi ya kumuuliza fundi. Je, urefu ulihesabiwa kwa mita au kwa nyuzi za ramani ya dunia? Huku kwetu Ukambani ramani igeuzwe kwanza kuwa ya mita, `EPSG:32737`. Pia, je, alihesabu miraba tu na kuizidisha kwa 30? Mkondo unaokwenda kimshazari hupita mraba kwa mita 42, si 30, kwa hiyo miraba 100 ya mshazari ni kilomita 4.2, wala si 3.

Na mkiona kwenye uwanda laini nyingi zilizonyooka zikienda sambamba kama mistari ya daftari, hizo si mito. Hapo ardhi ni tambarare mno, na kompyuta imebahatisha njia. Zifuteni kabla ya kujumlisha. Kisha andikeni kizingiti kando ya kila namba: «1.3, miraba 500».