Tundu la Lulu ya Zamani

Kidani cha lulu kikitolewa kwenye kasha la bibi, wengi hukipeleka dirishani watazame mng'ao. Mng'ao ni shahidi dhaifu. Lulu ya kweli iliyovaliwa miaka mingi hufifia kwa jasho na manukato, na lulu ya bandia iliyokaa ndani ya kitambaa hubaki iking'aa. Pa kuanzia ni tundu linalopitisha uzi.

Lulu za asili za Ghuba, zilizozamiwa Bahrain, Kuwait na kwingineko na nyingi kupelekwa Bombay, ziliuzwa kwa uzito. Hesabu ya wafanyabiashara ilikuwa kwamba uzito ukizidi mara mbili, bei huzidi mara nne. Kila chembe ya vumbi iliyotoka kwenye tundu ilikuwa hasara, ndiyo maana mtoboaji alitumia keekee ya uta yenye ncha nyembamba mno. Alianza upande mmoja hadi katikati, kisha akaigeuza lulu na kuanza upande wa pili, isije ikameguka mdomoni. Tundu la namna hiyo mara nyingi halifiki nusu milimita, na pale katikati njia mbili zilipokutana huenda zimepishana kidogo. Lulu ya kufugwa huuzwa zaidi kwa kipenyo, na tundu lake, la mashine, hukaribia milimita 0.7 au 0.8.

Sasa chukua lenzi ya sonara, ile inayokuza mara kumi, na tochi ndogo. Tuseme kidani kina punje ya milimita 7 katikati, na nyingine zinapungua hadi milimita 3 karibu na kifungo. Sogeza uzi pembeni, uchungulie ndani ya mdomo wa tundu la ile punje kubwa. Ikiwa ni ya bandia, utaona rangi imebanduka ukingoni kama ganda jembamba, na chini yake kioo kinachometa au plastiki. Ikiwa ni ya kufugwa, tabaka la lulu huishia ghafla, mara nyingi chini ya milimita moja kutoka juu, kisha unafuata mstari mweusi, kisha kiini cheupe. Kiini hicho ni gololi iliyochongwa kwenye gamba la kome wa maji baridi, aliyoingiziwa chaza ili aifunike. Katika lulu ya asili hakuna mpaka huo. Tabaka nyembamba huendelea kuelekea ndani, ingawa rangi huenda ikazidi kukolea.

Baada ya hapo tazama uso. Lulu ya kweli, iwe ya asili au ya kufugwa, ina mistari myembamba inayojipinda, kwa sababu imejengwa kwa vibamba vidogo vilivyopandana. Ndiyo maana ukiipitisha taratibu kwenye ncha ya jino utahisi mkwaruzo kama wa mchanga laini. Bandia huteleza, na chini ya lenzi uso wake huonyesha vidoa vya rangi iliyopakwa. Lakini jino halitenganishi ya asili na ya kufugwa, na anayedai linatenganisha anakupotosha. Wengine huitumbukiza katika siki, nao ni uharibifu mtupu: siki huila lulu ya kweli.

Uzito nao una kazi yake. Punje ya kweli ya milimita 7 ina takriban nusu gramu. Ya plastiki haifiki nusu ya hapo. Kioo kilicho wazi ndani na kujazwa nta, kama bandia nyingi za zamani za Ufaransa, pia ni chepesi. Kioo kizima, hata hivyo, hukaribia uzito wa lulu, kwa hiyo mkono peke yake haukitambui.

Umri wa kidani husaidia pia. Lulu za mviringo za kufugwa, kazi ya Wajapani akiwemo Mikimoto, zilienea katika masoko ya dunia miaka ya 1920. Kidani kilichovaliwa katika picha ya mwaka 1905 hakikuwa nazo siku ile. Lakini vidani hukatika, punje hupotea, na pengo huzibwa kwa punje yoyote iliyopatikana, kwa hiyo kagua kila tundu.

Tundu dogo bado si hati. Linalotoa hukumu ni picha ya eksirei, inayoonyesha kiini cha duara au tabaka za ukuaji, na maabara hupiga kidani kizima bila kukata uzi. Bahrain, ambako biashara ya lulu za kufugwa imepigwa marufuku, ina taasisi ya DANAT inayofanya kazi hiyo.

Hatari kubwa iko kwa sonara, siku ya kubadilisha uzi. Uzi mnene wa kufungia mafundo hauingii katika tundu la zamani, na fundi mwenye haraka hulipanua kwa keekee ya umeme. Mwambie kabla hajaanza kwamba unataka hariri nyembamba, na kwamba matundu yasiguswe.