Gari limeazima batri, na sasa taa zote za tablo zinawaka

Kooperative nyingi ziko na pikapu moja tu ya kupeleka mavuno sokoni. Asubuhi batri inakutwa imekufa, shofere anaazima nyaya kwa jirani, motere inakubali, halafu shida mpya inaanza. Taa ya batri inawaka, ya ABS inawaka, ya motere inawaka, mishale ya tablo inachezacheza, na ukiwasha sinyale taa za mbele zinapunguka nguvu. Fundi wa kwanza akifika atasema: "Kompyuta imeungua."

Inawezekana, lakini mara nyingi si hivyo. Vitu vitano haviharibike kwa siku moja bila sababu. Taa nyingi zikiwaka pamoja, inafaa kutafuta kile kitu kimoja ambacho zote zinategemea, maana yake umeme wenyewe: unatoka wapi, unapita wapi, unarudi wapi. Gari ya leo ina vikompyuta kadhaa, kimoja cha motere, kingine cha breki, kingine cha tablo. Umeme ukishuka sana au ukiyumba, kila kimoja kinalalamika kwa taa yake, hata kama chenyewe kiko kizima.

Tuchukue pikapu ya kooperative moja ya kahawa, upande wa Kalehe. Ni gari ya mazuti, ya volti 12. Siku ya kuazima batri, kijana aliyesaidia aligusisha nyaya kinyume, nyekundu kwenye minus. Cheche kubwa ikatoka, akatoa haraka, akarudisha vizuri, na motere ikawaka. Wakaenda. Baada ya kilometa chache taa zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Walipofika waliombwa zaidi ya dola 400 za kununua kompyuta. Walikataa kwanza, wakatafuta mtu mwenye multimetre.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kwenye batri yenyewe. Batri iliyojaa, motere ikiwa imezimwa, inaonyesha karibu volti 12,6. Motere ikizunguka, alternatere inapaswa kupandisha mpaka kati ya 13,8 na 14,5. Ikipita 15, zima motere, regilatere imeharibika na itapika batri pamoja na vingine. Kwa ile pikapu, motere ikizunguka, kipimo kilikuwa 11,9 na kilikuwa kinashuka. Yaani alternatere haikuwa inarudisha kitu, gari lilikuwa linakula batri peke yake.

Hapo wakafungua sanduku la fyuzi lililo karibu na batri. Ndani mnamo fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT. Umeme wote wa alternatere unapita hapo kwenda batri. Nyaya zikigusishwa kinyume, umeme mwingi unakimbia ndani ya alternatere kwa njia isiyo yake, na fyuzi hiyo inakatika ili kuiokoa. Namna ya kujua: motere imezimwa, weka waya nyeusi ya multimetre kwenye minus ya batri, na nyekundu uguse upande mmoja wa fyuzi, kisha upande wa pili. Upande mmoja ulikuwa na volti 12, wa pili sifuri. Imekatika. Msiamini macho peke yake, kuna fyuzi zinazoonekana nzima na kumbe zimepasuka ndani.

Fyuzi ya ALT mara nyingi inafungwa na bulo, haivutwi kwa mkono. Toa kwanza waya ya minus kwenye batri, halafu ufungue. Weka nyingine ya ampere ile ile iliyoandikwa juu yake. Kwa gari lile ilikuwa 120. Kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ndiyo njia ya kuunguza gari zima, na tumeona wengi wanafanya hivyo.

Baada ya fyuzi mpya, batri ilipanda mpaka 14,2. Taa ya batri ikazimika. Lakini mishale iliendelea kucheza na ABS ikabaki inawaka. Fundi mwingine angeishia hapo na kurudi kwenye habari ya kompyuta.

Ilibaki masi. Umeme ukitoka plus ya batri unafanya kazi, kisha lazima urudi minus. Unarudi kwa kupitia chuma cha gari: waya moja nene inatoka minus kwenda kwenye motere, nyingine inaenda kwenye bodi. Ikiwa hiyo ya bodi imeoza kwa kutu na matope, umeme wa tablo na wa vikompyuta unakosa njia ya kurudi, unatafuta njia kwenye vinyaya vidogo, na vipimo vyote vinadanganya.

Kipimo chake ni rahisi. Motere inazunguka, washa taa kubwa na feni. Waya nyeusi ya multimetre iguse kichwa cha minus cha batri, nyekundu iguse chuma cha bodi kisicho na rangi. Masi nzuri itaonyesha chini ya volti 0,2. Kwa pikapu ile ilionyesha 2,4. Chini ya waya ile walikuta nyuzi nyingi zimekatika, na zilizobaki zimeungua. Sababu ilieleweka: siku ya kuazima, waya nyeusi ya jirani ilibanwa kwenye bodi, kwa hiyo umeme wote wa demarere, ampere mia na zaidi, ulilazimika kupita kwenye ule uzi dhaifu.

Waliweka waya mpya ya unene ule ule, wakakwangua kutu na msasa mpaka chuma king'ae, wakakaza bulo, wakapaka grisi juu. Kipimo kikashuka mpaka 0,05 na tablo ikatulia. Radio tu ndiyo haikurudi. Fyuzi yake ya ampere 15 ikibadilishwa inakatika papo hapo, na hiyo ni alama kwamba radio yenyewe imeungua ndani. Ikiwa kitu kinakata fyuzi mara mbili, acheni kuongeza fyuzi. Na kama taa moja inabaki baada ya umeme na masi kuwa sawa, hapo sasa ni kazi ya mashine ya kusoma kompyuta.

Kuna desturi moja inayoua vikompyuta kweli: kutoa kose ya batri wakati motere inazunguka, ili "kujaribu alternatere", au ili kurudisha batri ya jirani. Batri ndiyo inatuliza umeme wa alternatere. Ukiitoa ghafla, umeme unaruka kwa kipande cha sekunde na unaweza kupita volti 60. Hakuna fyuzi inayowahi kuuzuia. Kujaribu alternatere kunatosha kwa multimetre.

Mkiazima, hakikisheni gari la jirani ni la volti 12 pia, maana kamio nyingi ni za 24. Motere zote zizimwe, kose zikazwe. Nyekundu kwenye plus ya batri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye plus ya batri nzima, nyeusi kwenye minus ya batri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha motere ya gari lililokufa, mbali na batri, si kwenye bodi. Washeni gari la jirani, mngoje dakika kama kumi, ndipo mjaribu demarere. Likiwaka, washeni feni ya ndani kabla ya kutoa nyaya, na mzitoe kwa kurudi nyuma, mkianza na ile nyeusi ya kwenye motere.