Maneno 3,500 ya nini?

"Mjomba, nimekwama. Jarida linataka maneno 3,500, mimi nina 6,430. Nimeshakata mahojiano yote ya akina mama, na bado."

Aliyenipigia ni binti wa dada yangu, aliyekuwa akiandaa makala yake ya kwanza ya kitaaluma kutokana na utafiti wake wa shahada ya uzamili. Alikuwa amechunguza kwa nini wajawazito wengi huchelewa kuanza kliniki. Usiku kucha alikuwa akifuta. Sehemu ya mapungufu ya utafiti, ambayo wahakiki huitafuta, ilikuwa imebaki sentensi moja. Nilimwuliza swali moja tu: hao 3,500 ni maneno ya nini? Akanyamaza, kisha akasema, "Si ya makala?"

Hapo ndipo waandishi wengi wanapopotea. Tarakimu inayoonekana chini ya ukurasa wa kompyuta ni hesabu ya faili, na jarida halihesabu faili. Programu ya Word hujumlisha karibu kila kilichoandikwa humo: jina la makala, majina ya waandishi na taasisi zao, ikisiri, vichwa vidogo, majedwali, marejeleo, viambatisho. Kila kisanduku cha jedwali chenye tarakimu kinahesabiwa kuwa neno. Jedwali la safu kumi na mistari kumi laweza kula maneno mia moja bila kuwa na sentensi hata moja.

Mwongozo wa jarida lake tuliusoma pamoja kwenye simu. Sentensi tuliyoihitaji ilikuwa imejificha chini ya kichwa cha aina za makala: maneno 3,500 bila kuhesabu ikisiri, shukrani, majedwali, maelezo ya picha na marejeleo. Huo ndio utaratibu wa kawaida katika tiba. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo chimbuko lake ni kikao cha wahariri kilichofanyika Vancouver mwaka 1978, inapendekeza kwamba idadi ya maneno itajwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mswada, na kwamba vitu hivyo vitano visiingizwe. Ikisiri huwa na kikomo chake peke yake.

Kwa bahati nakala ya awali ilikuwapo kwenye barua pepe aliyomtumia msimamizi wake. Nikamwambia aipakue, aihifadhi kwa jina jingine, na nakala hiyo mpya iwe ya kuhesabia tu. Humo aweke kipanya mwanzoni mwa ikisiri, avute hadi mwisho wake, aangalie chini. Word huonyesha maneno ya sehemu iliyochaguliwa kati ya maneno yote. Akaandika kwenye daftari: ikisiri, 290. Akaendelea hivyo kipande kwa kipande. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno 110, majedwali matatu 470, maelezo ya picha 60, shukrani na matamko ya mwishoni 180. Marejeleo yalikuwa 32 tu, lakini yalibeba maneno 900, kwa sababu kila rejeleo lina majina ya waandishi, kichwa, jarida na mwaka. Dodoso aliloliambatisha mwishoni lilikuwa na maneno 640. Mwongozo ulitaka viambatisho vitumwe kama faili tofauti, kwa hiyo nalo likatoka.

Jumla ya vyote hivyo ni 2,650. Toa katika 6,430, zinabaki 3,780. Yeye alidhani anatakiwa kukata maneno 2,930. Aliyotakiwa kukata ni 280.

Mwanahistoria au mwanasheria asichukue hesabu hii kama ilivyo. Katika fani hizo tanbihi ndimo ushahidi ulimo, na mara nyingi mwandishi huendeleza hoja humo, kwa hiyo majarida mengi huzihesabu ndani ya ukomo. Tena programu zenyewe hazikubaliani. Katika Word, ukifungua `Review` kisha `Word Count`, utaona kisanduku cha tiki chenye maandishi `Include textboxes, footnotes and endnotes`. Ukiondoa tiki, jumla inashuka. Google Docs haihesabu tanbihi kabisa. Mtu mwenye tanbihi za maneno elfu mbili anaweza kupeleka faili ileile kwa msimamizi wake wakabishana kwa elfu mbili, kila mmoja akiwa mkweli mbele ya skrini yake. Ukiona namba mbili zisizolingana, anza kwa kuangalia tanbihi.

Vyanzo vinavyotajwa ndani ya sentensi ni suala jingine. Jina na mwaka kwenye mabano ni sehemu ya matini, na huhesabiwa hata pale orodha ya marejeleo inapoachwa nje. Namba ya rejeleo iliyogandishwa kwenye neno haiongezi kitu, lakini ikitenganishwa na nafasi inakuwa neno. Ndivyo ilivyo pia kwa `p<0.05`, ambayo ni neno moja, wakati `p < 0.05` ni matatu. Sishauri mtu aanze kugandisha alama ili apate nafuu, maana jarida lina mtindo wake na mhariri atazitenganisha. Nayataja kwa sababu yanaeleza kwa nini hesabu yako na ya ofisi ya jarida zinaweza kupishana kwa maneno machache.

Kuhamishia hoja kwenye viambatisho kwa kuwa havihesabiwi ni hatari zaidi. Dodoso linakaa vizuri huko, na orodha ndefu ya maswali pia. Lakini mhakiki halazimiki kusoma kiambatisho, na hoja inayobeba hitimisho lako ikiwa huko, kwake ni kama haikuandikwa. Majedwali nayo huwekewa ukomo wa idadi, mara nyingi bila kutajwa mahali pamoja na ukomo wa maneno.

Zile 280 tulizipata bila kugusa kauli za akina mama. Katika sehemu ya matokeo alikuwa amerudia kwa sentensi asilimia zilizokuwa tayari kwenye jedwali la pili, mstari baada ya mstari. Akabakiza mbili zilizohitaji maelezo, akaokoa 190. Tisini zilitoka kwenye utangulizi, palipokuwa na aya ya historia ya huduma za wajawazito duniani ambayo hakuna sehemu nyingine iliyoitegemea. Aya ya mapungufu ilirudi nzima.

Jarida hilo halikuichukua. Walisema mada iko nje ya eneo lao. La pili lilitaka maneno 5,000, majedwali, maelezo ya picha na marejeleo yakiwa ndani, ikisiri isizidi 200. Safari hii hakufuta kitu kwanza. Alirudi kwenye daftari: matini 3,500, majedwali 470, maelezo ya picha 60, marejeleo 900. Jumla 4,930. Ilibidi apunguze ikisiri kwa maneno 90, lakini shukrani na matamko, yale 180, mwongozo haukuyataja. Yakiingia, anavuka kwa 110. Akamwandikia mhariri sentensi moja, akauliza kama yanahesabiwa. Jibu lilikuja kesho yake: hayahesabiwi. Akatuma makala jioni ileile, na pale kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya jina lake, akaandika idadi ya maneno na vitu vilivyomo ndani ya idadi hiyo.